Kontena la Machakos linapopitishwa Nairobi: Nani hulipia safari ya kurudi?

KONTENA lenye malighafi ya kiwanda kilichoko Athi River, Kaunti ya Machakos, linapopakiwa kwenye treni ya mizigo katika bandari ya Mombasa, hupita katika ardhi ya kaunti hiyo bila kusimama. Huendelea hadi kwenye bohari la makontena la Embakasi jijini Nairobi. Huko hushushwa, hupangwa juu ya mengine, husubiri zamu yake, kisha hupakiwa kwenye lori na kurejeshwa Athi River kwa barabara kuu ya Mombasa, likielekea kule kule lilikotoka.

Mwenye kiwanda ni kama abiria aliyepitishwa kituo chake na matatu, akashushwa mjini na kutakiwa kulipa nauli nyingine ya kurudi nyumbani. Hata hivyo, si lazima awe amepata hasara. Iwapo nauli ya kwanza ilikuwa ya chini mno, huenda bado akabakiwa na chenji mfukoni. Hilo ndilo swali ambalo wengi waliojadili reli ya kisasa (SGR) wamelipita kwa haraka: ni wakati gani njia ya kuzunguka huwa nafuu kuliko njia ya moja kwa moja, na kwa nani?

Swali hili lina historia ya mvutano. Treni za mizigo za SGR zilianza kazi Januari 2018. Mnamo Agosti 2019, Mamlaka ya Bandari (KPA) na Mamlaka ya Ushuru (KRA) zilitoa agizo kwamba shehena zote za kuagizwa zinazoelekea Nairobi na maeneo ya bara zisafirishwe kwa reli na kukaguliwa Embakasi. Mombasa iliwaka kwa maandamano, na Oktoba mwaka huo serikali ikalisitisha agizo hilo. Novemba 2020, Mahakama Kuu mjini Mombasa ikaamua kuwa lilikiuka Katiba. Septemba 2022, Rais William Ruto alipoapishwa, alitangaza kuwa shughuli za kukagua na kutoa mizigo zirejeshwe Mombasa.

Katika miaka hiyo yote, mjadala uliendeshwa kama ugomvi wa pande mbili: Mombasa dhidi ya Nairobi, malori dhidi ya reli. Machakos, iliyo katikati, haikusikika sana. Ilhali ni kaunti hii inayoonyesha vizuri zaidi kwamba swali lenyewe halina jibu moja.

Gurudumu la baiskeli

Mpango wa kupitisha mizigo yote mahali pamoja unafanana na gurudumu la baiskeli. Katikati pana kitovu, na kutoka hapo spoki huenea kila upande hadi ukingoni. Mzigo haupelekwi moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Huletwa kwanza kitovuni, ukachanganywa na ya wenzake, ndipo ukapelekwa kwenye spoki yake.

Faida ya mpango huu ni wingi. Treni moja ya SGR inaweza kubeba makontena 108 ya futi 20. Dereva, mafuta na matumizi ya reli hugawanywa kwa makontena hayo yote, na hivyo gharama ya kila kilomita kwa kila kontena hushuka. Lori hubeba moja au mawili, na gharama yake yote humwangukia mwenye kontena. Lakini treni hushinda pale tu inapojaa na kwenda mahali pamoja bila kusimama. Mji unaopokea makontena kumi kwa siku ungesubiri takriban siku kumi na moja kabla ya kujaza treni yake. Ndiyo maana shehena ya Thika, Machakos na Nairobi huwekwa pamoja na kupelekwa Embakasi.

Faida hiyo hulipiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kilomita za ziada, kwa kuwa mzigo huzunguka. Ya pili ni kushikwashikwa. Kontena linalokwenda moja kwa moja hunyanyuliwa na mashine mara moja bandarini na kuwekwa kwenye lori. Linalopitia kitovuni hunyanyuliwa mara tatu: kupandishwa kwenye treni, kushushwa na kupangwa Embakasi, kisha kutolewa kwenye lundo na kuwekwa kwenye lori. Kila mara hulipiwa, na gharama hiyo haijali kama mwenye mzigo yuko kilomita kumi au mia moja kutoka kitovuni.

Hesabu ya miji mitano

Tuchukue sasa safari tano, zote zikianzia bandari ya Mombasa: moja hadi Eneo la Viwanda jijini Nairobi, nyingine Thika, Athi River, mji wa Machakos, na ya mwisho Emali, mji ulio kando ya barabara kuu katika Kaunti ya Makueni. Umbali nimeukadiria na kuukamilisha kwa tarakimu zinazofuatika kwa urahisi. Bei nazo ni za kielelezo tu, si za shirika wala kampuni yoyote. Msomaji aliye na stakabadhi zake anaweza kuweka zake mahali pangu.

Tuseme lori hutoza Sh180 kwa kilomita, ikiwa ni pamoja na gharama ya kurudi kwake. Treni hutoza Sh100 kwa kilomita kwa kila kontena, nayo husafiri kilomita 472 hadi Nairobi, yaani Sh47,200. Kila kunyanyuliwa ni Sh5,000. Lori la kuchukua mzigo Embakasi hutoza Sh12,000 za kuanzia, kwa kuwa hupoteza saa nyingi kwenye foleni, kisha Sh180 kwa kilomita kama lingine lolote.

Tuanze na Eneo la Viwanda. Kwa lori moja kwa moja kutoka Mombasa ni kilomita 480, yaani Sh86,400. Ongeza Sh5,000 za bandarini, jumla ni Sh91,400. Kwa kitovu, treni ni Sh47,200, kunyanyuliwa mara tatu ni Sh15,000, lori la Embakasi ni Sh12,000, na kilomita kumi za mwisho ni Sh1,800. Jumla ni Sh76,000. Kitovu kimeokoa Sh15,400, na safari imerefuka kwa kilomita mbili tu.

Thika iko mbele ya kitovu. Moja kwa moja ni kilomita 515 na gharama ya Sh97,700. Kwa kupitia Embakasi, lori la mwisho huenda kilomita 45 na jumla inakuwa Sh82,300. Akiba ni ile ile, Sh15,400. Hili si jambo la bahati. Mzigo wa Thika ungepita Nairobi vyovyote vile. Kuusimamisha hapo hakumwongezei mwenyewe kilomita zozote za maana.

Sasa turudi Machakos. Kutoka Mombasa hadi Athi River kwa lori ni kilomita 455, na gharama ni Sh86,900. Kwa treni, mzigo huo hupita hadi Embakasi na kurudi kilomita 25, na jumla ni Sh78,700. Akiba imeshuka hadi Sh8,200. Mji wa Machakos uko kilomita 465 kutoka Mombasa, ukikata kona kwenye makutano ya Kyumbi, na gharama ya lori ni Sh88,700. Kwa kupitia kitovu, lori hurudi kilomita 55 na jumla ni Sh84,100. Akiba iliyobaki ni Sh4,600.

Emali ndiyo inayogeuza mizani. Lori la moja kwa moja husafiri kilomita 365 kwa Sh70,700. Kontena linalopitia Nairobi hupita Emali, huenda hadi Embakasi, kisha hurudi kilomita 115. Jumla ni Sh94,900. Mfanyabiashara wa Emali amepoteza Sh24,200, na mzigo wake umesafiri kilomita 587 badala ya 365.

Kila kilomita huhesabiwa mara mbili

Kwa nini akiba hushuka upesi hivyo? Sababu ni kuwa kila kilomita ambayo mji uko nyuma ya kitovu huhesabiwa mara mbili. Humpunguzia mwenye lori la moja kwa moja kilomita moja ya kwenda, na wakati huo huo humwongezea anayepitia kitovuni kilomita moja ya kurudi. Kwa bei zetu, pengo hupungua kwa Sh360 kwa kila kilomita, si Sh180.

Ukilifuata pengo hilo kwenye barabara kuu, utaona kuwa njia mbili hulingana takriban kilomita 48 kutoka Embakasi, mahali fulani baada ya Kyumbi ukielekea Mombasa. Aliye upande wa Nairobi wa alama hiyo hunufaika na kitovu. Aliye upande wa pili hukilipia. Mpaka huo hauonekani kwenye ramani yoyote, na husogea kila bei inapobadilika. Nauli ya treni ikipanda, husogea kuelekea Nairobi na kuimeza Machakos. Ikishuka, huenda upande wa Makueni.

Tukijumlisha safari zote tano, kontena moja kwa kila mji, malori ya moja kwa moja hugharimu Sh435,400 na njia ya kitovu Sh416,000. Afisa anayetazama jumla hii atasema kitovu kimeokoa Sh19,400, naye atakuwa amesema kweli. Lakini ndani ya jumla hiyo mna mtu wa Emali aliyelipa Sh24,200 zaidi ili wastani upendeze. Akiachiwa atumie lori lake, na wengine wanne watumie reli, jumla huwa Sh391,800. Hiyo ndiyo bei ya chini kuliko zote mbili. Mtandao ulio nafuu zaidi, basi, si wa kitovu pekee wala wa moja kwa moja pekee, bali ule unaomwacha kila mmoja kwenye njia inayomfaa. Udhaifu wa agizo la 2019, kwa hesabu, ulikuwa hapo: lilidai njia moja kwa wote.

Ni haki pia kutaja kile ambacho hesabu ya mwenye mzigo haikioni. Kwa njia ya moja kwa moja, malori yetu matano yangesafiri kilomita 2,280 barabarani, bila kuhesabu safari za kurudi. Kwa njia ya kitovu, ijapokuwa jumla ya mwendo ni kilomita 2,610, zile za barabarani ni 250 tu. Kuchakaa kwa lami na ajali katika barabara ya Mombasa hulipiwa na umma, si na mwenye kontena. Serikali ina sababu ya kutaka mizigo iende relini. Lakini kama umma ndio unaonufaika, ni vigumu kueleza kwa nini gharama imwangukie mwenye duka wa Emali peke yake.

Siku tatu za foleni

Hadi hapa tumechukulia kuwa kitovu kinafanya kazi bila kukwama. Mwaka wa 2018 ulionyesha kinyume. Treni zilileta makontena Embakasi kwa kasi kuliko yalivyotolewa, na bohari likafurika. Huu ni udhaifu ulio katika umbo lenyewe la gurudumu: spoki moja ikikatika, wengine huendelea, lakini kitovu kikikwama, wote hukwama pamoja.

Tuseme kila siku ya kusubiri humgharimu mwenye kontena Sh3,000, yaani ada ya kuliweka bohari, kodi anayodai mwenye meli kwa kontena lake, na hasara ya mashine zinazokosa malighafi. Siku mbili ni Sh6,000, na akiba ya Sh4,600 ya mji wa Machakos imekwisha. Siku ya tatu huwa Sh9,000, na Athi River nayo huingia hasarani. Nairobi na Thika hustahimili hadi siku ya tano kukamilika, na ni siku ya sita inayowafilisi. Foleni ni ile ile kwa wote, lakini humwumiza kwanza aliye nyuma ya kitovu, kwa kuwa akiba yake ilikuwa tayari imeliwa na safari ya kurudi.

Msimamizi wa kiwanda hahitaji ripoti ya serikali ili ajue yuko upande gani. Na achukue stakabadhi za makontena yake ya miezi michache na kulinganisha tarehe mbili: ile treni ilipofika Embakasi, na ile kontena lilipotoka langoni. Kisha ahesabu ni mara ngapi alitozwa ada ya kunyanyua. Mara ya nne au ya tano ni ishara kuwa kontena lake lilizikwa chini ya mengine, likahamishwahamishwa ndipo likapatikana. Iwapo siku kati ya tarehe hizo zinaongezeka kila mwezi, nauli ya treni iliyotangazwa haimwambii tena gharama yake halisi.

Kontena tupu

Kuna safari nyingine ambayo wengi huisahau wanapolinganisha bei. Kontena si mali ya mwagizaji. Ni la kampuni ya meli, na lazima lirejeshwe likiwa tupu. Lori la moja kwa moja hurudi Mombasa vyovyote vile, na hulibeba kontena hilo kwa gharama ambayo tayari imo katika nauli yake. Aliyetumia reli hana lori linalorudi pwani.

Kampuni ya meli ikikubali kupokea kontena tupu Nairobi, hesabu yetu husimama kama ilivyo. Ikitaka lirudishwe Mombasa, basi litashushwa Embakasi, litapandishwa kwenye treni na kushushwa tena pwani: mara tatu, badala ya moja kwa lori. Zile mbili za ziada ni Sh10,000. Kiasi hicho pekee kinazidi akiba yote ya Athi River. Nairobi na Thika hubakiwa na Sh5,400, na hata kama treni ingelibeba kontena tupu kwa nusu ya nauli, zingehitajika Sh23,600. Kwa masharti hayo, kitovu hushindwa na lori katika miji yote mitano. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nauli ya treni, mwagizaji afaa kuuliza kwanza: kontena tupu litapokelewa wapi?

Je, reli isisimame Athi River?

Jibu linalowajia wengi haraka ni kuwa treni isimame Machakos. SGR ina kituo Athi River, na eneo hilo lina viwanda vingi, pamoja na eneo la EPZ la bidhaa za kuuzwa ng'ambo. Kwa hesabu yetu, mzigo ukishushwa hapo ungeondoa safari ya kurudi kwa karibu yote.

Lakini treni inayosimama kukata mabehewa machache hupoteza muda wa makontena mengine yote inayobeba, na ule unafuu wa kwenda moja kwa moja hupungua. Kituo nacho kingehitaji kreni, uwanja wa kupanga makontena na maafisa wa forodha, gharama ambazo hazipungui hata siku isiyo na mzigo. Suala, basi, ni la wingi: je, viwanda vya Athi River vinapokea na kutuma makontena ya kutosha kujaza treni nzima mara moja au mbili kwa wiki? Bidhaa za EPZ zinazokwenda bandarini zina uzito katika swali hili, kwa sababu hutoa nafasi ya kulijaza kontena lile lile tupu badala ya kulirudisha bila kitu. Viwanda vikiunganisha shehena zao, Athi River yaweza kuwa kitovu kidogo. Kila kimoja kikienda kivyake, hakitakuwa.

Tazama pia upande wa pili wa nchi. Bohari la Naivasha, lililozinduliwa Desemba 2019, liko kwenye njia ya kuelekea Malaba. Mzigo wa Uganda ukienda kwa treni hadi huko na kumalizia kwa lori, husafiri karibu kilomita 960 badala ya 930. Kilomita thelathini za ziada katika safari ndefu kiasi hicho ni kidogo. Kasoro ikitokea huko, itafutwe katika kushikwashikwa na kusubiri, si katika umbali. Kwa Emali, umbali wenyewe ndio kasoro. Hii ndiyo sababu sera moja haiwezi kuandikwa kwa ajili ya Malaba na Emali kwa pamoja.

Mjadala wa kuisogeza reli hadi Kisumu na Malaba utakapohitaji tena maagizo kuhusu nani apitishe mzigo wapi, wenyeji wa miji iliyo nyuma ya vitovu wana swali la kuuliza kabla ya kupiga makofi au kuandamana. Wasiulize kama reli ni nafuu kuliko lori. Waulize mji wao uko kilomita ngapi nyuma ya kitovu, mzigo wao utanyanyuliwa mara ngapi, na kontena tupu litarudishwa na nani. Kwa Machakos, majibu hayo matatu ndiyo yanayotenganisha akiba ya Sh4,600 na hasara.